Mbinu za biolojia ya molekuli: anza na swali, kisha tafuta kipimo chake

Swali: *Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi ya maabara ya tiba, na mtihani wetu wa mbinu za biolojia ya molekuli uko baada ya wiki tatu. Nimekariri hatua za PCR, elektroforesi na bloti zote tatu, lakini nikiulizwa "ungetumia mbinu gani, na kwa nini?" nakwama kabisa. Nijipange vipi?*

Jibu: Marahaba. Kwa siku mbili za mwanzo, funga daftari la hatua. Chagua ugonjwa mmoja tu, uandike maswali yote ambayo daktari au mtafiti anaweza kuuliza juu yake, kila swali kwenye ukurasa wake, bila kutaja mbinu yoyote. Mbinu utaziingiza baadaye, na chini ya kila moja utaandika mambo mawili: kile inachokiona na kile isichoweza kukiona. Hilo la pili ndilo linalowaangusha wengi, kwa sababu madaftari ya hatua hayalitaji.

Ugonjwa ninaokushauri uchague ni selimundu. Sababu ya kwanza ni kwamba chanzo chake ni badiliko la herufi moja tu ya DNA, kwa hiyo unaweza kulibeba kichwani lote. Sababu ya pili ni kwamba mbinu nyingi unazosoma ziliwahi kujaribiwa juu ya ugonjwa huu huu zikiwa bado changa. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwa elektroforesi kwamba himoglobini ya wagonjwa ina chaji tofauti na ya watu wengine, na makala ya mwaka 1985 iliyoitambulisha PCR katika jarida la Science ilihusu jeni ya beta-globini na utambuzi wa selimundu.

Andika mistari hii mitatu nyuma ya jalada la daftari lako, maana tutairudia mara nyingi. Ni kodoni ya 5, ya 6 na ya 7 za beta-globini katika himoglobini ya kawaida (A), ya selimundu (S) na ya aina ya C:

```
A:  CCT GAG GAG
S:  CCT GTG GAG
C:  CCT AAG GAG
```

Vitabu vipya huiita kodoni hiyo ya katikati ya 7 badala ya 6, kwa sababu vinahesabu na methionini ya mwanzo. Usishtuke ukikuta namba mbili. Badiliko ni lile lile. GAG huleta glutamati, yenye chaji hasi. GTG huleta valini, isiyo na chaji. AAG huleta laisini, yenye chaji chanya.

Swali la kwanza katika daftari lako liwe hili: je, protini ya mtu huyu ni tofauti na ya kawaida? Kwa kuwa tofauti iko kwenye chaji, unahitaji mbinu inayoona chaji, nayo ni elektroforesi ya himoglobini katika bafa yenye pH ya karibu 8.6. Katika pH hiyo himoglobini zote zina chaji hasi kwa ujumla na husafiri kuelekea ncha chanya. Himoglobini ina minyororo miwili ya beta, kwa hiyo S imepoteza chaji hasi mbili ikilinganishwa na A, na inabaki nyuma yake. C imepoteza mbili na kuongezewa chanya mbili, yaani ni pungufu kwa hatua nne, na inabaki nyuma zaidi. Unaona kwamba hukuhitaji kukariri mpangilio wa mistari kwenye utando; umeukokotoa kutoka kwenye kodoni tatu.

Sasa geuza ukurasa uandike kile ambacho mbinu hii haikioni. Mstari uliosimama mahali pa S hauthibitishi kwamba ni S, kwa sababu himoglobini nyingine, mfano D, nazo husimama papo hapo katika pH hiyo. Mtoto mchanga naye ana himoglobini nyingi ya F na beta-globini kidogo, kwa hiyo mstari wa S unaweza kuwa hafifu mno usomwe vibaya.

Kisha andika kwa wino mwekundu mtego ambao watunga mitihani wanaupenda. Mwanafunzi anaulizwa kama jeli ya poliakrilamidi yenye SDS ingetenganisha A na S, naye anajibu ndiyo, kwa sababu amekariri kwamba jeli ile "hutenganisha protini". Jibu ni hapana. SDS ni sabuni inayoizunguka protini yote na kuipa chaji hasi nyingi kulingana na urefu wake, hata chaji ya asili ya protini inafunikwa na kubaki tofauti ya ukubwa peke yake. Mnyororo wa beta wa A na wa S una asidi amino 146 kila mmoja, na yote miwili ina uzito wa karibu kilodaltoni 16. Itasimama mahali pamoja. SDS hujibu swali la ukubwa, na wewe hapa uliuliza swali la chaji.

Swali la pili: je, badiliko limo kwenye DNA yake? Kabla ya mbinu yoyote jiulize DNA hiyo inatoka wapi. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, kwa hiyo ingawa ugonjwa uko kwenye chembe nyekundu, DNA utaipata kwenye chembe nyeupe za damu ile ile. Damu ichukuliwe kwenye chupa yenye EDTA, si yenye heparini, kwa sababu heparini huizuia polimerasi ya PCR. Himu, ile sehemu ya himoglobini inayobeba chuma, nayo huizuia, na ndiyo maana damu inaoshwa vizuri kabla ya kutoa DNA. Ukikuta swali linalosema "PCR haikutoa mstari wowote hata kwa sampuli ambayo ilipaswa kutoa", usikimbilie kulaumu praima. Uliza kwanza damu ilikaa kwenye chupa gani.

Njia ya zamani ya kujibu swali hili ni bloti ya Southern, na hapa niseme neno juu ya majina. Southern ni jina la mtu, Edwin Southern, aliyeichapisha mbinu hiyo mwaka 1975. Jina lake lafanana na neno la Kiingereza la kusini, ndipo wanasayansi wakafanya utani: bloti ya RNA ikaitwa ya kaskazini, ndiyo nothani, na ya protini ikaitwa ya magharibi, ndiyo westani. Kwa hiyo Southern ni DNA, nothani ni RNA, westani ni protini, na ni Southern peke yake inayobeba jina la mtu.

Kimeng'enya MstII hukata DNA penye CCTNAGG, ambapo N ni herufi yoyote. Tazama mstari wa A kwenye daftari: CCTGAGG imo, inakatwa. Tazama wa S: CCTGTGG, haikatwi. Ukikata DNA yote ya mtu kwa MstII, ukaitenganisha kwenye jeli, ukaihamishia kwenye utando na kuitafuta kwa kipande chenye alama kinachoshikana na beta-globini, jeni ya kawaida itatoa kipande cha besi 1,150 hivi, na ya selimundu itatoa cha 1,350 hivi, kwa sababu zile besi 200 hazikukatwa. Swali ambalo Southern inajibu ni kama mfuatano fulani upo katika DNA yote ya mtu, na umo kwenye kipande cha ukubwa gani. Inahitaji DNA nyingi, nzima, na siku kadhaa za kazi. Kwa herufi moja, leo hakuna anayeanzia hapo.

PCR inajibu swali jembamba zaidi. Praima mbili unazochagua wewe hubana eneo la jeni, polimerasi hulinakili, na kila mzunguko unaongeza nakala maradufu: mizunguko 30, kama yote ingekwenda bila hasara, ingetoa nakala zaidi ya bilioni 1 kutoka kwenye moja. Lakini andika sentensi hii ukurasa wa nyuma: PCR peke yake haijui A wala S. Mtu wa AA na mtu wa SS watatoa kipande chenye urefu ule ule, kwa sababu herufi imebadilishwa, haikuongezwa wala kuondolewa. PCR imekupa malighafi ya kutosha tu. Anayeuliza swali ni kimeng'enya unachokiweka baada yake.

Hapa tulia na kazi moja ya mfano, kisha uirudie mwenyewe kwa namba nyingine mpaka mkono uzoee. Tuseme praima zako zinatoa kipande cha besi 600, na unakikata kwa DdeI, kinachokata penye CTNAG. Tuseme ndani ya kipande hicho kuna mahali pawili pa kukatwa. Pa kwanza pako kwenye besi ya 100, hapahusiki na selimundu na kila mtu anapo. Pa pili pako kwenye besi ya 400, ndani ya kodoni zetu, na pamepotea kwenye S.

Mtu wa AA atakatwa pote pawili na kutoa vipande vya 100, 300 na 200. Mtu wa SS atakatwa pa kwanza tu, atoe 100 na 500. Mtu wa AS ana jeni moja ya kila aina, atoe 500, 300, 200 na 100. Wanafunzi wengi huishia hapo na kupata nusu ya alama, kwa sababu mtahini ameweka kwenye picha mstari mwingine wa 600 au wa 400 na anataka kujua kama utaushughulikia. Mstari wa 600 ni kipande ambacho hakikukatwa popote. Wa 400 ni kile kilichokatwa pa pili lakini pa kwanza pakaachwa. Kwa kuwa pa kwanza kila mtu anapo, mistari hiyo miwili haina maana nyingine ila kwamba kimeng'enya hakikumaliza kazi, na tundu lenye mistari hiyo halisomwi. Ukilisoma, unaweza kumwita AS mtu ambaye ni AA.

Nayasema haya kwa sababu yalinipata. Nikiwa mwanafunzi, kikundi chetu kilipima sampuli 12 za mazoezi, na zote 12 zikatoka kama AS. Tukaanza kubishana juu ya takwimu za jamii, mpaka fundi wa maabara alipouliza sampuli rejea ya AA imeonyesha nini. Nayo ilikuwa imeonyesha AS. Kumbe chupa ya kimeng'enya ilikuwa imesahaulika nje ya barafu tangu asubuhi, na kipande chetu hakikuwa na mahali pengine pa kukatwa, ambapo kila mtu anapo, ambapo pangetuonya. Tangu siku ile huanza kusoma jeli kwa matundu ya rejea: AA, AS na SS zinazojulikana, na tundu la maji lisilo na DNA. Tundu la maji likiwa na mstari, kuna DNA ya kigeni iliyoingia kwenye mchanganyiko, na matokeo yote ya siku hiyo yanarudiwa.

Kabla hujaufunga ukurasa wa DdeI, rudi kwenye mstari wa C. CCTAAGG ina CTAAG ndani yake, nayo inaendana na CTNAG vizuri kabisa, kwa hiyo DdeI itaikata kama inavyoikata A, na MstII vilevile. Mtu wa SC ataonekana AS, ilhali SC ni ugonjwa na AS ni ubebaji. Kimeng'enya hakikuuliza "je, hii ni S?" Kiliuliza "je, mahali pa kukatwa pangalipo?" Ukitaka kujua herufi zenyewe ni zipi, swali hilo ni la kusoma mfuatano wa DNA kwa njia ya Sanger, ambapo mtu wa AS huonyesha vilele viwili, A na T, vilivyopandana mahali pamoja.

Nyenzo hizi zikutoshe siku kumi. Usiharakie RNA kabla hujaweza kuchora jeli ile ya 600 bila kutazama.

Swali la tatu linahamia kwenye RNA: je, jeni hii inatumika, na kwa kiasi gani? Kwa A na S swali hili halina faida, kwa kuwa RNA ya S ina urefu ule ule, na nothani isingeonyesha tofauti. Badilisha swali. Mgonjwa wa selimundu akipewa haidroksiyurea, lengo ni kuongeza himoglobini ya F, ambayo badala ya beta ina minyororo ya gama. Je, RNA ya gama-globini imeongezeka baada ya dawa? Hilo ni swali la kiasi, na mbinu yake ni RT-qPCR: RNA inageuzwa kuwa DNA, kisha mashine inahesabu ni mzunguko wa ngapi mwanga umevuka kiwango kilichowekwa. Mzunguko huo huitwa Ct, na Ct ndogo humaanisha RNA ilikuwa nyingi. Sampuli inatoka kwenye retikulosaiti, yaani chembe nyekundu changa ambazo zimepoteza kiini lakini bado zina RNA.

Fanya hesabu hii. Kabla ya dawa, Ct ya gama ni 25 na ya jeni rejea ni 19. Tofauti ni 6. Baada ya dawa, gama ni 22 na rejea bado 19. Tofauti ni 3. Tofauti imepungua kwa mizunguko 3, na kila mzunguko ni maradufu, kwa hiyo RNA ya gama imeongezeka mara 2 × 2 × 2, yaani mara 8. Jeni rejea ipo ili usije ukadhani dawa imefanya kazi kumbe uliweka tu RNA nyingi zaidi mara ya pili. Hesabu hiyo inakubali kwamba kila mzunguko umefikia maradufu kamili. Ukifikia mara 1.9 tu, ongezeko ni mara 6.9 hivi. Weka pia tundu ambalo halikuwekewa kimeng'enya cha kugeuza RNA. Likitoa mwanga, ulichopima ni DNA iliyobaki kwenye sampuli.

Nothani nayo hupima RNA, lakini kwa kuitandaza kwenye jeli, kwa hiyo inakuonyesha urefu wa RNA, jambo ambalo qPCR ya kawaida haikuonyeshi. Ukisikia swali linataja RNA iliyokatika au iliyokuja kwa urefu wa aina mbili, ndiyo dalili yake.

Swali la nne ni fupi: je, protini yenyewe imeongezeka? RNA mara 8 haimaanishi protini mara 8. Westani, kwa kingamwili inayoshika gama-globini, hujibu hilo, pamoja na protini rejea ya kuthibitisha kwamba kila tundu lilipata kiasi sawa. Kumbuka tu kwamba westani hutanguliwa na jeli ya SDS, na mtego wa wino mwekundu unaufuata hadi hapa: kingamwili ya kawaida ya beta-globini itaonyesha mstari mmoja kwa AA, AS na SS sawasawa.

Wiki ya mwisho geuza daftari. Funika maswali, ubakize majibu, na kwa kila picha ya jeli uandike swali ambalo mtu alikuwa analiuliza. Usisome hatua zaidi ya dakika 20 kwa siku; hizo tayari unazo. Kila siku jitungie swali moja ambalo mbinu ya kwanza inayokujia akilini ni mbaya. Nakupa la kuanzia.

Mtoto wa miaka 4 aliongezewa damu wiki mbili zilizopita kwa upungufu mkubwa wa damu. Elektroforesi inaonyesha mstari wa A na mstari wa S. Je, ni AS? Huwezi kusema, kwa sababu chembe nyekundu za mchangiaji huishi kwa wiki nyingi, na A unayoiona inaweza kuwa yake yote. Mbinu ilijibu kwa usahihi swali la himoglobini gani zimo kwenye damu leo, lakini daktari aliuliza mtoto ana jeni zipi. Toa DNA kwenye chembe nyeupe, ambazo karibu zote ni za mtoto mwenyewe, fanya PCR, kata kwa DdeI, na uweke rejea zote tatu pamoja na tundu la maji. Ukipata 500 na 100 bila 300 wala 200, mtoto ni SS. Ukipata mistari yote minne, yaani 500, 300, 200 na 100, bado usiandike AS kabla hujaeleza kwa nini unaweza kuondoa uwezekano wa C.